Lori Likiondoka, Gogo Huenda Wapi?

Chukua lori la magogo, mfano wa yale yanayobeba miti kutoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi. Limeshusha mzigo wote isipokuwa gogo moja, nalo limelala kwa kukingama: ncha moja imeelekea ubavu wa kushoto wa bodi, ya pili ubavu wa kulia. Mlango wa nyuma uko wazi. Hakuna kamba wala kabari. Dereva anaingiza gia, lori linaondoka, gogo linabiringika kuelekea nyuma na baada ya muda mfupi linaanguka barabarani. Sasa swali: kwa mtu aliyesimama kando ya barabara, kabla ya kuanguka, gogo lile lilikuwa linakwenda upande gani?

Wengi hujibu bila kusita kwamba lilikuwa linarudi nyuma. Utingo aliyeketi nyuma ya kebini akilitazama ataapa hivyo hivyo, maana ameliona kwa macho yake likimkimbia. Wengine, hasa waliosoma kidogo habari za vitu kutotaka kuondolewa pale vilipo, husema gogo lilibaki palepale na lori ndilo lililoondoka chini yake. Jibu hili la pili limekaribia zaidi, lakini nalo si sahihi. Gogo lilikuwa linakwenda mbele, upande uleule wa lori, kuanzia nukta lori lilipotikisika hadi lilipoishiwa na bodi. Lilikwenda taratibu tu kuliko lori. Tena kiasi cha utaratibu huo si cha kubahatisha: kwa gogo la mviringo lililojaa, kila lori linaposonga mita tatu, gogo husonga mbele mita moja. Uzito wake haubadilishi kitu, unene wake haubadilishi kitu, na dereva awe mpole au mwenye haraka, ni theluthi moja ileile.

Tuanze na kinachoweza kulisukuma gogo. Uzito wake unalivuta chini, mbao za bodi zinalibeba kwa kulisukuma juu, na hizo mbili zinamalizana zenyewe. Upande wa mbele na nyuma, kitu pekee kinachogusana na gogo ni sakafu ya bodi, kwenye mstari mwembamba pale chini. Kwa hiyo nguvu yoyote ya kulipeleka mbele au nyuma lazima itokee hapo, na nguvu hiyo ni msuguano. Lori linapochomoka, sakafu inataka kuteleza kwenda mbele chini ya gogo. Msuguano unakataa mtelezo huo, na namna yake ya kukataa ni kulivuta gogo mbele lifuatane na sakafu.

Hapa ndipo vitabu vingi vya shule vinapotupotosha kwa kusema kwamba msuguano hupinga mwendo. Msuguano haupingi mwendo. Unapinga mtelezo wa kitu kimoja juu ya kingine, na hilo ni jambo tofauti. Kama msuguano ungekuwa adui wa mwendo, hakuna mtu ambaye angeweza kutembea, kwa kuwa ni huohuo unaoizuia nyayo isiteleze nyuma tunapopiga hatua. Kwenye bodi la lori, msuguano ndio mwendo wenyewe wa gogo.

Lakini nguvu hiyo inashika gogo chini, haishiki kiini chake. Ukisukuma kitu katikati, kinasogea. Ukikivuta ukingoni, kinasogea na pia kinazunguka. Msuguano unaovuta sehemu ya chini ya gogo kwenda mbele unalizungusha hivi kwamba sehemu ya juu inarudi nyuma, na mzunguko wa namna hiyo ndio wa kitu kinachobiringika kwenda nyuma. Basi gogo linapata vitu viwili kwa mkupuo mmoja: kiini chake kinasogezwa mbele kwa mtu wa barabarani, na mwili wake unazungushwa kinyumenyume. Utingo anaona mzunguko, anaona gogo linamwacha, anahitimisha kwamba linarudi. Hajadanganywa na macho. Amesahau tu kwamba yeye mwenyewe ndiye anayekimbizwa mbele.

Swali linalobaki ni la mgawanyo. Msukumo mmoja wa msuguano unagawanyika vipi kati ya kusogeza na kuzungusha? Hilo linategemea jinsi gogo linavyokuwa kaidi kuzungushwa, na ukaidi huo hautokani na uzito peke yake. Unatokana na mahali uzito ulipo. Kilo iliyo ukingoni lazima ikimbie mduara mkubwa kila gogo linapozunguka. Kilo iliyo karibu na kiini haikimbii karibu popote. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alikipa kipimo hiki jina na nafasi yake katika hesabu kwenye kitabu chake cha mwaka 1765 kuhusu mwendo wa vitu vigumu. Kwa mche wa duara uliojaa sawasawa, ukaidi huo ni nusu ya ule ambao ungekuwapo kama uzito wote ungekaa ukingoni.

Nusu hiyo ndiyo ufunguo. Kwa kuwa gogo ni kaidi nusu tu kuzungushwa, msukumo uleule wa msuguano unaoongeza kasi ya kiini kwa kiasi fulani, unaongeza kasi ya ukingo kuzunguka kwa mara mbili ya kiasi hicho. Tuite ongezeko la kasi ya kiini, kila sekunde, `a`. Ukingo wa gogo basi unapata `2a` kutokana na mzunguko.

Sasa tuangalie ule mstari mwembamba wa mguso. Sehemu ya gogo inayogusa sakafu inasogea mbele kwa sababu mbili zinazojumlishwa: kiini kinasogea mbele, na mzunguko pia unaupeleka ukingo wa chini mbele. Ikiwa gogo linabiringika bila kuteleza, sehemu hiyo lazima iende sambamba na sakafu yenyewe, ambayo ina mchapuko wa lori, yaani kiasi ambacho kasi ya lori huongezeka kila sekunde. Tuuite `A`. Hesabu nzima ni mstari mmoja:

```
a + 2a = A
a = A/3
```

Basi. Kiini cha gogo kina theluthi moja ya mchapuko wa lori, kuelekea mbele. Utingo, ambaye naye anachapuka kwa `A`, anaona tofauti: theluthi mbili kuelekea nyuma. Wote wawili wako sawa, kila mmoja kwa mahali aliposimama.

Tuweke tarakimu ili jambo lionekane. Gogo letu lina kipenyo cha sentimita 40, urefu wa mita 2, na uzito wa kilo 200 hivi, kiasi kisicho cha ajabu kwa mti wa msindano uliokatwa karibuni. Limelala mita 3 kutoka ukingo wa nyuma wa bodi. Lori linaondoka na kuongeza kasi kwa mita 1.2 kwa sekunde, kila sekunde, mwendo wa dereva asiye na fujo. Gogo basi linaongeza kasi kwa 0.4 kuelekea mbele likipimwa barabarani, na kwa 0.8 kuelekea nyuma likipimwa kwenye bodi. Kwa 0.8 hiyo, mita 3 za bodi zinaisha kwa sekunde 2.7 hivi. Katika muda huo lori limesonga mita 4.5 na gogo limesonga mita 1.5. Tofauti ni mita 3 kamili, kama inavyotakiwa. Gogo limejizungusha mara mbili na karibu nusu, na kiini chake kinakwenda mbele kwa mita 1.1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, wakati lori limefika mita 3.3 kwa sekunde.

Badilisha sasa mchapuko. Mpe usukani dereva mkali zaidi, mwenye mara mbili ya 1.2. Muda utapungua, kasi zitaongezeka, lakini gogo litaanguka palepale: lori likiwa limesonga mita 4.5 na gogo mita 1.5. Kwa kuwa theluthi ile inashika kila nukta, inashika kwenye kasi, na inashika pia kwenye umbali. Dereva anaweza kuongeza mafuta, kupunguza, kukanyaga breki kidogo, kuongeza tena. Mradi gogo halitelezi na lilianza safari likiwa limetulia pamoja na lori, mahali lilipo juu ya bodi panategemea kitu kimoja tu, nacho ni umbali ambao lori limeshasonga. Matokeo yake yanashangaza kidogo. Lori likisonga mita mbili na kusimama kabisa, gogo nalo linasimama kabisa. Lori likirudi nyuma mita mbili zilezile, gogo linabiringika kurudi mahali pake pa mwanzo. Huo ni ulimwengu wa hesabu, bila shaka. Mbao halisi zina mabonde na gogo halisi ni jembamba upande wa kileleni, hivyo hukata kona likibiringika. Hata hivyo ukilifanya jambo hili mezani kwa vitu laini, unaliona wazi.

Njia ya utingo ya kupiga hesabu nayo inafaa kujulikana, kwa sababu watu wengi huiona rahisi zaidi. Yeye anachukulia kwamba lori limesimama, na kwamba kuna nguvu inayolivuta kila kitu kurudi nyuma, ileile anayoihisi mgongoni gari linapochomoka. Kwake yeye, mchapuko wa lori ni sawasawa na mlima. Kuchapuka kwa 1.2 ni kama kuegesha lori kwenye mwinuko wa nyuzi 7 hivi, pua ikiwa juu, na kuliachia gogo. Gogo lililojaa linalobiringika kwenye mteremko bila kuteleza hupata theluthi mbili ya mchapuko ambao lingepata kama lingeteleza bila msuguano wowote, na theluthi mbili ya 1.2 ni 0.8. Ni jibu lilelile tulilolipata tukiwa barabarani. Kinachoharibu mambo ni kuchanganya njia hizi mbili, mtu aanze akiwa barabarani kisha katikati ya hesabu apande lori.

Na makosa ya hesabu hii yana sura zake, unaweza kuyatambua bila kumwuliza mwalimu. La kwanza ni kuandika kwamba kasi ya kiini ni sawa na kasi ya ukingo kuzunguka, kama ilivyo kwa tairi barabarani. Kanuni hiyo ni ya kitu kinachobiringika juu ya sakafu iliyotulia. Ukiitumia hapa pamoja na ile ya mara mbili, jibu pekee linalotoka ni sifuri: gogo halisogei, halizunguki, lori linaondoka chini yake kama mzimu. Ukiona sifuri, umesahau kwamba sakafu inatembea.

Kosa la pili ni kudhani kwamba msuguano kila mara uko kwenye kikomo chake. Chukua mbao na gogo ambapo kikomo cha msuguano ni sehemu 0.3 ya uzito. Ukiweka kikomo hicho chote kwenye hesabu, gogo linapata mchapuko wa 2.9, zaidi ya mara mbili ya lori lenyewe. Gogo litaligonga kebini! Hilo haliwezekani, kwa kuwa sakafu ndiyo inayolivuta, na hakuna anayeburutwa akamtangulia anayemburuta. Msuguano hutoa kinachohitajika tu. Kwa gogo letu la kilo 200, kinachohitajika ni nyutoni 80, wakati kikomo ni karibu nyutoni 590.

Linganisha nyutoni 80 hizo na sanduku la uzito uleule. Sanduku likitaka kufuatana na lori linahitaji nyutoni 240, mara tatu zaidi, kwa kuwa lazima lipate mchapuko wote wa lori. Ndiyo maana lori linapoondoka kwa nguvu kupita kiasi, sanduku ndilo linaloanza kuteleza mapema. Kwa kikomo kile cha 0.3, sanduku linaachia likifika mchapuko wa 2.9. Gogo halianzi kuteleza hadi 8.8, mchapuko ambao lori la mizigo haliwezi hata kuuota. Kwa maneno mengine, kitu cha mviringo juu ya lori karibu siku zote kitabiringika, hakitateleza, na sakafu kavu au yenye unyevu kidogo haitabadilisha safari yake. Watu wanaomwaga mchanga kwenye bodi wakitumaini mapipa yaliyolazwa yatatulia wanajisumbua. Msuguano zaidi unasaidia sanduku. Pipa linahitaji kizuizi.

Tumefika kwenye pipa, na hapo ndipo jambo hili linanipendeza zaidi, kwa sababu theluthi moja ni ya gogo tu. Badilisha umbo la uzito na mgawanyo unabadilika. Bomba la chuma lenye ukuta mwembamba, lililo wazi ncha zote mbili, uzito wake wote uko ukingoni. Ni kaidi mara mbili ya gogo kuzungushwa, hivyo msukumo unaompa kiini `a` unaupa ukingo `a` hiyohiyo. Jumla ni `2a`, na bomba linasonga nusu ya mwendo wa lori. Mpira wa chuma uliojaa, ambao uzito wake umejikusanya zaidi karibu na kiini, husonga sehemu mbili kwa saba tu. Utaratibu ni mmoja: kadiri kitu kinavyokuwa kigumu kuzungushwa, ndivyo kinavyofuatana na lori, kadiri kinavyokuwa chepesi kuzungushwa, ndivyo kinavyobaki nyuma.

Basi fikiria pipa la chuma la lita 200 lililojaa maji, limelazwa. Kwa jicho ni kitu kilichojaa kama gogo, na mtu atasema theluthi. Lakini maji hayajashikamana na chuma. Ukuta wa pipa unapoanza kuzunguka, maji yaliyo ndani hayazunguki nao; tabaka jembamba linalogusa chuma linaburutwa kidogo, na mengine yanabaki yametulia, kama yai bichi linavyogoma kuzungushwa mezani wakati la kuchemsha linazunguka bila shida. Kwa hiyo kinachozungushwa ni ganda la kilo 18 hivi, huku kinachotakiwa kusogezwa mbele ni ganda pamoja na kilo 200 za maji. Msuguano mdogo sana unatosha kulizungusha ganda hilo kwa kasi inayolingana na sakafu, na msuguano huo mdogo hauwezi kuusogeza mzigo wa kilo 218. Ukipiga hesabu ileile ukichukulia ganda lote liko ukingoni na maji hayaburutwi kabisa, mgawanyo unakuwa `a` kwa kiini na karibu `12a` kwa ukingo, jumla `13a`. Pipa linasonga sehemu moja kwa kumi na tatu ya mwendo wa lori.

Rudi kwenye zile mita 3 za bodi. Lori litasonga mita 3.25 tu kabla pipa halijaishiwa na sakafu, na pipa lenyewe litakuwa limesonga mbele sentimita 25. Kwa mtu wa barabarani, pipa limekaa palepale likijizungusha hewani huku lori likichomolewa chini yake. Yule aliyejibu kwamba mzigo hubaki palepale alikuwa na haki, ila mzigo wake ulikuwa pipa la maji. Jaza pipa hilohilo lami iliyoganda, ya aina inayosubiri kuyeyushwa kando ya barabara inayojengwa, na linageuka kuwa gogo: theluthi moja. Mapipa mawili, rangi moja, uzito unaokaribiana, juu ya lori moja, yataachana njiani kama watu wasiojuana.

Sijasema bado kinachotokea gogo likishafika chini, na hiki ndicho kisa ninachowapa marafiki wanaodai wamelielewa jambo hili lote. Gogo linaondoka kwenye bodi likiwa na mwendo wa mbele wa mita 1.1 kwa sekunde, na ukingo wake ukizunguka kinyumenyume kwa mita 2.2 kwa sekunde. Likigusa lami ya barabara, litaendelea mbele kwa sababu ya mwendo wake, au litarudi nyuma kwa sababu ya mzunguko wake?

Halifanyi lolote kati ya hayo. Linasimama. Sababu iko kwenye ule mgawanyo wa mwanzo. Kila chembe ya msukumo wa sakafu ya lori ililipa gogo mwendo wa mbele na mzunguko wa nyuma kwa uwiano uleule. Barabara sasa inalisukuma pale pale chini, ila kwa upande wa pili, na kila chembe ya msukumo huo inaondoa mwendo na mzunguko kwa uwiano huohuo. Mkopo ulitolewa kwa fungu moja na unalipwa kwa fungu lilelile, kwa hiyo mwendo na mzunguko vinaisha kwa pamoja, nukta moja. Hata kama lori lingechomoka kwa fujo hadi gogo likateleza, uwiano ule usingebadilika, na mwisho wake ungekuwa kusimama. Gogo linaloanguka kutoka mita moja na zaidi litaruka na kugonga ncha moja kabla ya nyingine, kwa hiyo usisimame nyuma ya lori ukisubiri uthibitisho.

Uthibitisho wa usalama uko mezani. Tandaza karatasi ndefu juu ya meza laini, weka juu yake kopo la nyanya nzito likiwa limelala, na uivute karatasi bila kusita. Kabla ya kuichomoa yote, simama ilipofika sentimita 30 na upime kwa rula: kopo litakuwa limesonga mbele sentimita 10 au zaidi kidogo, kwa kuwa karatasi hubonyea na kuliburuta kiasi. Rudia kwa kipande cha bomba la plastiki na utapata karibu sentimita 15. Rudia kwa kopo la soda ambalo halijafunguliwa na litaganda karibu na lilipoanzia, ukianza kuvuta upesi. Vuta polepole mno na soda itapata muda wa kuanza kuzunguka na kopo, na namba itapanda. Kisha ichomoe karatasi yote chini ya kopo la nyanya. Litakanyaga meza, litakwaruza kidogo, na kusimama.

Kwa wanaopakia malori, hesabu inayofaa ni ya kizuizi. Gogo letu la kipenyo cha sentimita 40, likiwekewa nyuma yake ubao wenye unene wa sentimita 1 uliopigiliwa misumari, litatulia hadi lori lifikie mchapuko wa 3.2, na kuondoka kwa kawaida hakufiki hapo. Ndiyo maana ubao huo mwembamba humridhisha utingo. Lakini breki si kama kuondoka. Lori linalofunga breki za dharura kwenye lami kavu linaweza kupunguza kasi kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde au zaidi, na gogo litaruka juu ya ubao wa sentimita 1 uliowekwa mbele yake kana kwamba haupo, likielekea kebini. Ubao wa sentimita 5 unastahimili hadi 8.6. Weka wa sentimita 5, mbele na nyuma, kisha funga mkanda juu yake.